Gunia la korosho na majibu saba: kusoma kosa lako kwenye mchoro wa kani

Msimu wa korosho ukifunguka, malori kutoka Newala na Tandahimba hupanga foleni nje ya maghala ya Mtwara mjini. Jioni moja nilisimama kwenye foleni hiyo nikiangalia makuli wakishusha mzigo. Badala ya kubeba mgongoni, siku hiyo walikuwa wameegemeza ubao mnene kwenye mkia wa lori, na magunia yakawa yanateleza yenyewe mpaka chini. Nikaazima tepu ya fundi nikapima. Ubao ulikuwa na urefu wa mita 3, na mkia wa lori ulikuwa mita 1.2 juu ya sakafu. Nikashika saa ya simu: gunia likiachiwa juu, lilifika chini kwa sekunde 2.2 hivi.

Nafundisha fizikia ya jioni barazani kwangu, na kesho yake swali likawa hilo. Gunia la kilo 80 linaachiwa juu ya ubao bila kusukumwa. Chukua `g = 10` na namba ya msuguano kati ya juti na ubao `μ = 0.3`. Namba hiyo ya 0.3 sikuitoa kitabuni, nimeirudisha kutoka kwenye zile sekunde 2.2. Tafuta mchapuko wa gunia, yaani kasi yake inaongezeka kiasi gani kila sekunde.

Madaftari yaliporudi nilikuta majibu saba tofauti: 1.25, 1.0, 4, 5.25, 6.75, 7.96 na 0.125. Moja tu ndilo sahihi. Ila hakuna aliyekosea hesabu ya kuzidisha wala kugawanya. Kila jibu baya, isipokuwa moja, lilikuwa limetoka kwenye mchoro wenye kasoro yake maalumu, na ukizoea unaweza kuiona namba ukajua mshale gani umechorwa vibaya kabla hata ya kufunua ukurasa. Hicho ndicho ninachotaka kukuonyesha hapa.

Mchoro mzima ukoje

Mchoro wa kani unachora kitu kimoja tu. Hapa ni gunia. Lori lisichorwe, ubao usichorwe, kuli asichorwe. Gunia lenyewe linatosha kuwa nukta, kwa sababu hatujali limekaaje alimradi halibingiriki. Ukichora picha nzuri ya lori na magurudumu yake utaishia kuweka mishale juu ya lori.

Kisha jiulize: nini kinaligusa gunia? Ubao. Hewa nayo inaligusa, lakini kwa kasi ndogo kama hii tunaiacha. Na nini kinalivuta bila kuligusa? Dunia. Basi wenye kani ni wawili tu, dunia na ubao, na kila mshale lazima uwe na mwenyewe kati ya hao wawili.

Dunia inavuta gunia wima kuelekea chini. Huo ni uzito, `W`. Ubao unafanya mambo mawili: unalisukuma gunia kwa pembe mraba na uso wake, na hiyo nitaiita kani ya tegemeo, `N`, tena unalikwaruza kuzuia mteleko, na huo ni msuguano, `f`, unaolala sambamba na ubao. Mishale ni mitatu, wa nne haupo.

Pembeni ya kila mshale andika sentensi kamili: dunia inavuta gunia, ubao unasukuma gunia, ubao unakwaruza gunia. Sentensi ikikushinda kwa kukosa mtendaji, futa mshale. Wanafunzi wangu huona uvivu kuandika hivyo, lakini nikiwaruhusu kuacha, makosa hurudi yote wiki hiyohiyo.

Jambo dogo linalowasumbua wengi: `N` ya tegemeo siyo `N` ya nyutoni. Ya kwanza ni jina la kani, ya pili ni kipimo, kama kilo au mita. Ukiandika `N = 733 N` umeandika herufi moja kwa kazi mbili, na si kosa lako, ndivyo vitabu vilivyo.

Sasa hesabu. Kwa kuwa gunia linateleza kufuata ubao, tunapima kila kitu kwa kufuata ubao na kwa kuukata ubao kwa pembe mraba. Msuguano na tegemeo tayari vimelala kwenye mistari hiyo. Uzito peke yake ndio umekaa mshazari, kwa hiyo ndio unaovunjwa vipande viwili. Pembe kati ya ubao na sakafu tuiite `θ`.

```
W = 80 × 10 = 800 N
sin θ = 1.2 ÷ 3 = 0.4        cos θ = 0.917
kipande cha kufuata ubao:  800 × 0.4   = 320 N
kipande cha kukata ubao:   800 × 0.917 = 733 N
N = 733 N
f = 0.3 × 733 = 220 N
a = (320 − 220) ÷ 80 = 1.25
```

Mita 1.25 kwa sekunde kila sekunde. Ukirudisha kwenye urefu wa mita 3 unapata sekunde 2.2 kasoro kidogo, sawa na simu yangu.

Dalili: jibu ni 1.0

Naanza na hili kwa sababu ndilo baya kuliko yote. Baya kwa kuwa linakaribia kuwa sahihi. Mwenye 1.0 atasema gunia linafika chini kwa sekunde 2.4 hivi, na kwa saa ya simu nani atambishia?

Chanzo: ameandika `N = 800 N`. Msuguano wake ukawa 240 N, na 320 kutoa 240 ni 80, gawanya kwa 80 unapata 1.0. Nilimwita kijana mwenyewe nikamuuliza 800 imetoka wapi. Akanijibu bila kusita: "Mwalimu, si sheria ya tatu? Gunia linakandamiza kwa 800, ubao unajibu kwa 800. Kitendo na mjibizo."

Hapa pana mafundo mawili, na kila moja lina namna yake ya kufunguliwa.

La kwanza ni sheria ya tatu yenyewe. Newton alizichapisha sheria zake tatu mwaka 1687, na ya tatu inasema ukinisukuma nami nakusukuma, kwa kiasi kilekile, upande wa pili. Jozi hiyo ina watu wawili wanaobadilishana nafasi. Kwa hiyo chukua sentensi ya mshale na uigeuze. "Dunia inavuta gunia" ikigeuzwa inakuwa "gunia linavuta dunia". Hiyo ndiyo jozi ya uzito, na mshale wake umekaa kwenye dunia, si kwenye gunia. "Ubao unasukuma gunia" ikigeuzwa inakuwa "gunia linasukuma ubao". Nao mshale huo uko kwenye ubao. Ndio unaoufanya ubao upinde katikati kidogo gunia linapopita. Umeona? Hakuna jozi yoyote ya sheria ya tatu ambayo mishale yake miwili inakaa kwenye mchoro mmoja. Ukiona mishale miwili juu ya gunia moja halafu ukasema huu ni mjibizo wa ule, umeshapotea.

Swali lile maarufu linajibika hapohapo pia: kama kila kani ina mwenzake wa kupingana, vitu vinasogeaje? Vinasogea kwa sababu mwenzake yuko kwenye mchoro mwingine. Gunia halijui kinachoupata ubao.

Fundo la pili ni mazoea. Mwanafunzi amesuluhisha maswali ishirini ya kitu kilichokaa mezani, na mara zote tegemeo lilikuwa sawa na uzito. Ikageuka kanuni. Ukweli ni kwamba tegemeo halina kanuni yake lenyewe. Ubao unasukuma kiasi kinachotosha tu gunia lisizame ndani ya mbao. Juu ya meza inayolala, kiasi hicho ni uzito wote. Juu ya ubao ulioinama ni kipande cha uzito kinachoukandamiza ubao, 733. Na ukiuinua ubao mpaka usimame wima kama ukuta, gunia linaanguka likipita pembeni yake na tegemeo ni sifuri. Kwa hiyo `N` hutafutwa kwa kusawazisha kani za mstari unaoukata ubao. Haikaririwi.

Dalili: jibu ni 5.25

Mchoro wa namna hii una mishale minne au mitano. Mwenyewe amechora uzito wa 800, halafu pembeni yake akachora vipande viwili vya uzito huohuo, 320 na 733, na vyote akavipa wino mmoja. Wakati wa kujumlisha anaviona vyote. Anachukua 320 ya kipande, kisha anageukia uzito na kutoa kwake 320 nyingine. Jumla 640, toa 220, inabaki 420, gawanya kwa 80.

Kipimo cha sentensi kinamkamata mara moja. Dunia inavuta gunia, sawa. Na kile kipande cha 320, mwenyewe nani? Dunia. Lakini dunia imeshavuta! Haivuti mara mbili. Vipande ni uzito uleule umekatwakatwa, kama mkate uliokatwa mara mbili usivyokuwa mikate mitatu.

Dawa yangu ni ya wino. Mchoro wa kani wenye mishale mitatu unachorwa kwa kalamu, na haubadilishwi tena. Uvunjaji wa uzito unafanyika kwenye mchoro mdogo wa pembeni, kwa penseli, au kwa mistari ya nukta.

Dalili: jibu ni 7.96

Huyu amebadilisha `sin` na `cos`. Kwake 733 inashuka na ubao, na 320 ndiyo inayoukandamiza. Gunia lake lingefika chini chini ya sekunde moja.

Wanafunzi hukariri "cos ni ya tegemeo, sin ni ya kushuka", kisha mtungaji wa swali anaiweka pembe upande wa pili, kati ya ubao na mstari wima, na kukariri kwao kunawageuka. Usikariri. Weka daftari lako mezani, simamisha kalamu juu yake kwa pembe mraba. Sasa inua ncha moja ya daftari kidogo huku kalamu ikiendelea kusimama vilevile juu ya daftari. Daftari likiinama nyuzi 20, kalamu nayo inaachana na wima kwa nyuzi 20 zilezile. Uzito ni mstari wima, kalamu ndiyo mstari wa tegemeo, na pembe kati yao ni ileile ya ubao na sakafu. Ukiona hivyo kwa macho, kipande kinachoikumbatia pembe ndicho cha `cos`.

Na kama bado una shaka, ulaze ubao. Pembe ikiwa sifuri gunia halina sababu ya kuteleza, kwa hiyo kipande cha kufuata ubao lazima kiwe sifuri. Kipi kinakuwa sifuri, `sin 0` au `cos 0`? Jaribio hilo linachukua sekunde tano na halijawahi kuniangusha.

Dalili: jibu ni 6.75, 4 au 0.125

Haya hayahitaji maneno mengi. Mwenye 6.75 ameuelekeza msuguano chini "kwa kuwa gunia linakwenda chini". Msuguano wa kitu kinachoteleza unapinga mteleko, basi mshale unapanda na ubao. Mwenye 4 ameusahau msuguano kabisa. Alihesabu wanaoligusa gunia akapata ubao, akauandikia kazi moja, akaondoka. Kila uso unaogusa, uulize mara mbili: unasukuma? unakwaruza?

Mwenye 0.125 mchoro wake ulikuwa safi. Amegawanya 100 kwa 800 badala ya kwa 80. Sheria ya pili inagawanya kani kwa tungamo, ile ya kilo, wala si kwa uzito. Huku kwetu sokoni neno uzito linatumika kwa kilo, ndiyo maana ulimi unateleza. Gunia lake lingechukua karibu sekunde saba kushuka ubao wa mita tatu. Kobe angelipita.

Dalili: jibu ni sahihi lakini kuna mshale usio na mwenyewe

Hawa niliwakamata kwa swali la pili. Gunia limefika chini ya ubao na kasi yake ya mita 2.74 kwa sekunde, sasa linateleza juu ya sakafu ya ghala iliyolala. Sakafu ina namba ya msuguano ileile, 0.3. Lichore gunia likiwa bado linakwenda.

Binti mmoja aliyepata 1.25 bila doa alichora uzito 800 chini, tegemeo 800 juu, msuguano 240 kuelekea nyuma, na mshale mrefu kuelekea mbele. Nikamuuliza huu wa mbele ni nini.

"Kani ya mwendo."

"Nani anasukuma?"

Akafikiri. "Gunia lenyewe, si linakwenda?"

Huu ndio mshale unaong'ang'ania kuliko yote, na simlaumu mtu. Maisha yetu yote tunaona mkokoteni ukiachwa unasimama, kwa hiyo tunaamini mwendo unakula kani kama taa ya chemli inavyokula mafuta. Sheria ya kwanza inasema vingine: kitu kinachokwenda kitaendelea kwenda, kwa kasi ileile na kwa mstari ulionyooka, mpaka kani zisizosawazika zikiguse. Kinachohitaji kani ni kubadilika kwa mwendo. Mkokoteni unasimama kwa sababu ya msuguano, na wala si kwa sababu umeishiwa na kitu fulani ndani yake.

Kwenye sakafu, basi, mishale ni mitatu na hakuna hata mmoja unaoelekea mbele. Kani iliyobaki ni 240 ya kurudi nyuma. Gawanya kwa 80, gunia linapoteza mita 3 za kasi kila sekunde. Likianza na 2.74, linasimama baada ya mita 1.25 (tukiacha ule mgongano mdogo pale ubao unapokutana na sakafu). Nilimwambia binti achore tena na mshale wake wa mbele, aupe ukubwa wowote anaotaka, kisha anieleze kwa nini gunia linasimama. Alipoupa 240 gunia halikusimama kamwe. Alipoupa 300 likaongeza kasi kuelekea ukutani. Akaufuta mwenyewe.

Ukitaka kuonyesha gunia linakwenda wapi, chora mshale wa kasi pembeni, mbali na nukta, kwa rangi nyingine. Usiuguse na gunia.

Dalili: hesabu inasema msuguano ni 220, lakini gunia halisogei

Hapa wengi hukwama kimya kimya, maana kanuni `f = μN` wameishika kama sala. Kanuni hiyo inahusu gunia linaloteleza. Likiwa limetulia, `μN` ni kikomo tu, ni kiasi kikubwa kabisa ambacho ubao unaweza kukishika, na msuguano wenyewe unaweza kuwa chini yake kadiri yoyote.

Turudi ghalani. Kuli mmoja wa makamo alifunga kamba kwenye gunia, akachuchumaa juu ya mkia wa lori, akalishika lisiteleze wakati wenzake wanapanga nafasi chini. Kamba ilikuwa sambamba na ubao. Mchoro wa gunia sasa una wenyewe watatu: dunia, ubao na kamba. Kipande cha kushuka bado ni 320. Ubao unaweza kushika mpaka 220 (kikomo cha kitu kilichotulia kwa kawaida huzidi kidogo kile cha kitu kinachoteleza, lakini tukichukue kuwa kilekile).

Akivuta kwa 100, msuguano unafanya kazi yake yote, 220 kupanda, na gunia linakaa kwa shida. Akivuta kwa 200, msuguano unapungua wenyewe mpaka 120. Akivuta kwa 320, kamba imebeba mzigo wote wa kushuka na msuguano ni sifuri. Mshale wake unaondoka kwenye mchoro. Akivuta kwa 400, gunia linataka kupanda, hivyo msuguano unageuka na kuelekea chini, 80. Mpaka afike 540 ndipo gunia litaanza kupanda.

Gunia lilelile, ubao uleule, na mshale wa msuguano umepita kutoka juu hadi sifuri hadi chini. Kwa hiyo kwa kitu kilichotulia, uchore msuguano mwisho kabisa. Weka kani nyingine zote kwanza, zijumlishe, uone kitu kingeelekea wapi kama ubao ungekuwa na utelezi wa sabuni. Msuguano unakuwa kinyume chake, kwa kiasi hasa kinachohitajika. Kikizidi 220, basi dhana yako ya kutulia ilikuwa si kweli, na unarudi kuhesabu gunia linaloteleza.

Njia ya kukagua kwa rula

Unaposhuku mchoro lakini huoni kosa, uchore kwa kipimo: sentimita 1 iwe nyutoni 100. Kwa gunia linaloteleza, uzito ni sentimita 8 kwenda chini. Kutoka ncha yake anza tegemeo, sentimita 7.3, kwa pembe mraba na ubao. Kutoka ncha ya tegemeo anza msuguano, sentimita 2.2, ukipanda na ubao. Sasa unganisha mahali ulipoanzia na mahali ulipoishia. Mstari huo lazima ulale sambamba na ubao, uelekee chini, na uwe na sentimita 1. Ukitokeza nje ya ubao au ukizama ndani yake, tegemeo lako si sahihi, kwa sababu gunia haliruki wala halizami. Yule kijana wa 1.0, mchoro wake kwa rula ulimwonyesha gunia linapaa kutoka kwenye ubao. Alicheka kabla sijasema neno.

Swali la kuli

Nilipokuwa ghalani nikiandika namba zangu, yule wa kamba aliniuliza: "Mwalimu, mbona gunia silihisi zito mikononi, ila miguu ndiyo inataka kuniponyoka?" Alikuwa peku, na sakafu ya lori ilikuwa na vumbi na mchanga wa njiani.

Mchoro wa gunia haumjibu. Lazima kibadilishwe kitu: sasa nukta ni kuli. Tuseme ana kilo 65. Dunia inamvuta chini kwa 650. Kamba, anayoivuta kwa 200, inamvuta yeye kwa 200 kuelekea kwenye gunia. Hapa sheria ya tatu imevuka kutoka mchoro mmoja kwenda mwingine, ikipitia kambani. Kamba inashuka sambamba na ubao, kwa hiyo inamvuta mbele kwa 183 na chini kwa 80. Sakafu ya lori inamsukuma juu kwa 730, zaidi ya uzito wake, na msuguano chini ya nyayo lazima umvute nyuma kwa 183.

183 kugawanya kwa 730 ni 0.25. Nyayo kavu juu ya ubao msafi hushika zaidi ya hapo bila shida. Juu ya mchanga mkavu, chembe zinabiringika chini ya mguu na kikomo kinashuka. Nilimchorea kwenye kipande cha boksi, nikamwonyesha mshale wa nyayoni. Akautazama, akamwita kijana alete ufagio.